Povu la petroli halizimi spiriti

Katika foleni ya malori Tunduma au Malaba, tangi la petroli linaweza kusimama nyuma ya lori lenye madumu ya spiriti. Yote mawili ni mzigo wa kuwaka, lakini kinachozima moja huenda kisizime lingine.

Tuanze na petroli. Lita moja ina uzito wa robo tatu ya kilo hivi, hivyo maji yakimwagwa juu yake huzama, nayo huelea ikiendelea kuwaka. Maji yakitiririka mtaroni, huubeba moto hadi kwenye lori la pili.

Kinachowaka hasa ni mvuke, nao hutoka hata kwenye baridi kali. Ndiyo maana petroli iliyomwagika ni hatari kabla ya cheche yoyote. Julai 2010, huko Sange, Kivu Kusini, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka, watu wakakusanyika, wengine wakichota. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 230 walikufa.

Povu ni jepesi kuliko petroli, kwa hiyo hutanda juu yake kama blanketi: huzuia mvuke, hukata hewa na kupoza. Povu la protini, ambalo hutengenezwa kwa kwato na pembe za mifugo, hutanda polepole lakini huvumilia joto. Lile la AFFF hushuka utando mwembamba wa maji unaokimbia juu ya mafuta, hivyo huzima haraka. Kasoro yake ni kemikali za florini zisizooza, zinazobaki kwenye udongo na visima. Nchi nyingi sasa zinahamia povu lisilo na florini.

Spiriti ni habari nyingine. Hupenda maji, na povu ni maji kwa sehemu kubwa. Hivyo huyanyonya, na blanketi huyeyuka mbele ya macho ya mzimaji. Mtu akiona povu linatoweka kila analomwaga, asiongeze lilelile. Linalohitajika ni lenye herufi AR kwenye dumu: lina kitu kama gundi ambacho hugeuka ngozi laini kati ya spiriti na povu.

Kiasi nacho si mchezo. Dimbwi la petroli la mita za mraba 50 huhitaji takriban lita 200 za mchanganyiko kila dakika, kwa dakika 15: jumla lita 3,000, ambamo dawa ya asilimia tatu ni lita 90. Kwa spiriti, madumu mengi ya AR huagiza asilimia sita, yaani lita 180, na mara nyingi mwendo wa kumwaga huwa mkubwa zaidi. Mtungi wa lita tisa wa kwenye kabini unafaa moto wa kitambaa au kidimbwi kidogo, basi.

Povu pia halishiki kwenye mafuta yanayochuruzika kutoka kwenye vali. Hapo chanzo hufungwa kwanza, kama inawezekana. Na moto ukishazimwa, usipite ndani ya povu. Kila hatua hufungua tundu, na chuma kilichobaki na joto chini yake kinatosha kuuwasha upya.