Siku Moja ya Meza ya Nyanya kwa Fremu Tano

Stori ya simu ni mfuatano wa picha za wima zinazopokezana kwenye kioo, kila moja ikitoweka saa 24 baada ya kuwekwa. Instagram iliingiza stori mwaka 2016, na mwaka uliofuata WhatsApp ikaja na stetasi zake. Picha hukaa kwenye kioo kwa takriban sekunde 5, na muda huo mfupi ndio unaoamua karibu kila kitu: wazo moja kwa fremu, na maneno yasiyozidi saba au nane.

Chukua muuza nyanya wa soko la Ilala, Dar es Salaam, anayetumia stetasi ya WhatsApp kupata oda za kesho. Fremu ya kwanza ni tenga linalofunguliwa gizani: "Saa 11 alfajiri. Nyanya za Ilula zimeshuka." Ya pili ni mikono ikichambua: "Mbivu za leo huku, ngumu kule." Ya tatu ni meza imepangwa, mafungu na sado, pamoja na bei. Ya nne ni mteja akipimiwa mchana. Hapa picha ya mikono na kikapu inatosha, maana uso wa mtu hauwekwi bila ruhusa yake. Ya tano ni meza ya jioni ikiwa karibu tupu: "Za leo zinaisha. Vuta juu uagize za kesho."

Picha hupigwa siku nzima, lakini ni afadhali zote ziwekwe pamoja jioni. Zikiwekwa moja moja kadiri siku inavyokwenda, anayefungua saa 6 mchana huona tatu tu na hafiki kwenye wito wa kuagiza. Tena ya alfajiri itatoweka alfajiri inayofuata huku ya jioni ikiwa bado ipo, na anayechelewa ataona hadithi isiyo na mwanzo. Kasoro ya kuziweka jioni ni bei. Nyanya hupanda na kushuka kwa kutegemea malori ya usiku, na fremu ya tatu itaendelea kutangaza bei ya jana mpaka mwenyewe aifute. Ni busara kuandika "bei ya leo" na kutaja siku.

Maandishi juu ya picha ndiyo yanayoharibika mara nyingi. Herufi nyeupe juu ya rundo la nyanya humeremeta kwenye simu ya aliyepiga, kisha zinapotea kwenye simu ya mtu aliye juani, kwa sababu kila nyanya ina doa lake la mwanga. Dawa yake huanza wakati wa kupiga picha: sehemu tulivu, kama turubai au gunia, iachwe makusudi kwa ajili ya maneno. Ikikosekana, herufi ziwekewe ukanda mweusi nyuma yake. Ukingo wa juu hufunikwa na jina la mwenye stori na ukingo wa chini na sehemu ya kujibu. Katika picha ya pikseli 1080 kwa 1920, ni salama kuacha takriban 250 juu na 340 chini bila neno lolote. Bei iliyoandikwa chini kabisa ni kama haikuandikwa.

Wito wa kuvuta kidole nao unategemea mahali. Kwenye WhatsApp, kuvuta juu hufungua sehemu ya kujibu, na jibu humfikia muuzaji likiwa na fremu iliyojibiwa, kwa hiyo "nitumie sado mbili" inaeleweka bila maelezo. Kwenye stori ya Instagram, kuvuta kushoto humpeleka mtazamaji kwenye stori ya mtu mwingine. Fremu inayofuata hufunguliwa kwa kugusa upande wa kulia. Anayeandika "vuta kushoto uone zaidi" anamfukuza mteja wake mwenyewe. Maneno hayo yanafaa kwenye chapisho la kawaida la picha nyingi. Zamani kuvuta juu kwenye Instagram kulifungua kiungo kwa baadhi ya akaunti, lakini tangu 2021 kazi hiyo inafanywa na stika ya kiungo, ambayo huguswa.

Stetasi ina mpaka wake pia. Kwa kawaida huonekana tu kwa watu ambao muuzaji amehifadhi namba zao nao wamehifadhi yake, hivyo mteja mpya asiyehifadhi namba haoni kitu. Kwa wanaoona, WhatsApp huonyesha idadi ya watazamaji wa kila fremu. Tuseme ya kwanza imeonwa na watu 80, ya pili 76, ya tatu 41. Watu waliondoka wakiwa kwenye ya pili, na hiyo ndiyo ya kufupishwa au kupigwa upya. Zikifika tano zote na watazamaji wale wale bila oda hata moja, kasoro itafutwe kwenye bei au kwenye maneno ya wito.