Bafu la Siku 13 Lililohitaji 21

Ratiba ya ukarabati wa bafu huvutia ikichorwa kwa mistari: kila kazi na mstari wake, urefu wake ndio siku zake. Mchoro huo unaitwa chati ya Gantt, kwa jina la mhandisi Mmarekani Henry Gantt, aliyeueneza mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini mistari peke yake haisemi kazi ipi inaisubiri ipi, na makosa mengi hujificha hapo.

Tuchukue bafu moja. Fundi amepanga kubomoa siku 2, mabomba 3, plasta 2, vigae 4, kisha choo na sinki siku 2. Jumla siku 13. Fundi umeme atapitisha nyaya kwa siku 2 wakati mabomba yanafungwa.

Kuna kazi mbili ambazo hazikuandikwa. Kabla ya plasta, mabomba hujazwa maji kwa pampu ya mkono na kuachwa huku geji ikitazamwa. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja. Bila kipimo hicho, mvujo huonekana vigae vikishabandikwa, na ukuta huvunjwa upya. Hiyo ni siku 1. Halafu plasta yenyewe iachwe ishike na kukauka, tuseme siku 7. Hakuna kibarua anayelipwa siku hizo, ndiyo maana husahaulika, ila zinakula kalenda kama kazi nyingine yoyote. Sasa bafu linaisha siku ya 21.

Mnyororo huo mrefu kuliko yote, kuanzia kubomoa hadi sinki, ndio njia kuu ya ratiba: siku moja ikipotea humo, mwisho nao unasogea siku moja. Umeme hauko humo. Unaisha siku ya 4 na plasta inaanza ya 7, kwa hiyo fundi umeme anaweza kuchelewa siku 2 bila kumsumbua mtu. Lakini ikiwa umeme na mabomba ni kazi za fundi yuleyule, hawezi kuzifanya kwa pamoja, na bafu linaisha siku ya 23.

Kosa gumu zaidi kuliona ni mstari unaoning'inia. Mlango umeagizwa kwa seremala, siku 18, na kwenye chati haukuunganishwa na chochote. Ukiagizwa siku ya 3, vipimo vikishachukuliwa, unafika ya 20 na kufungwa ya 21. Hauna hata siku moja ya kuchelewa. Ukiagizwa siku ya 6, bafu linaisha ya 24, na chati haitoi onyo lolote.

Kwa hiyo mkaguzi huuliza kila mstari maswali mawili: nini kiishe kabla yako, na nani anakusubiri? Kazi ya kwanza na ya mwisho tu ndizo zenye ruhusa ya kukosa jibu moja. Kisha hurefusha mabomba kwa siku 2 kwenye kompyuta. Plasta ikibaki palepale, ama kiungo hakipo, ama kuna mtu aliyeandika tarehe kwa mkono na kuifunga.