Jicho la Yusuf

Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *Paradise* (1994), iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kama *Peponi*, Yusuf anaondoka kwao na tajiri Aziz, anayemwita ami. Baadaye, dukani, Khalil anamfumbua macho: Aziz si ami yake, naye amewekwa rehani kwa deni la babake.

Kwa mpangilio wa matukio, yaani kisa, deni linatangulia safari. Usimulizi umeligeuza, likaja baadaye.

Kwa nini? Mwaka 1972 Gérard Genette alitenganisha maswali mawili: nani anasema, na nani anaona? Hapa anayesema ni msimulizi wa nafsi ya tatu. Anayeona ni mtoto aliye katika mwaka wake wa kumi na mbili. Hiyo ndiyo fokalizesheni.

Anayehitimisha kwamba nafsi ya tatu lazima ijue yote anakosea.