Neno Moja, Maana Mbili

Ukienda mnadani hapa Singida utasikia Kinyaturu, Kinyiramba, Kigogo na Kisukuma, na katikati yake Kiswahili. Maneno mengi yanafanana. Ukitaka kuyakusanya, chukua daftari, upige mistari ili upate safu tatu: neno la Kiswahili, neno la jirani, na maana yake kama anavyoieleza jirani mwenyewe. Safu hii ya tatu ndiyo yenye kazi.

Anza na neno mtu. Wanyaturu na Wanyiramba husema muntu. Wagogo na Wasukuma husema munhu. Sasa jaribu kitu. Kinyaturu ni kintu, Kisukuma ni kinhu. Umeona? Katika maneno haya, palipo na t ya Kiswahili, huku pana nt na kule pana nh. Sauti zikibadilika kwa mpango namna hiyo katika maneno mengi, jua maneno hayo ni ya ukoo mmoja.

Lakini neno la ukoo mmoja laweza kuhama maana. Tazama kaya. Kwa Mgogo, kaya ni mji mzima wa mzee pamoja na wake zake na wanawe waliooa. Katika Kiswahili cha serikali, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Huko pwani ya Kenya, Wamijikenda huita kaya ile misitu mitakatifu yenye mahame ya wazee wao. Neno ni lile lile.

Tuseme karani wa sensa, kama ile ya 2022, amefika Manyoni kwa mzee mmoja. Mzee ana mke na watoto wadogo watatu, jumla watu 5. Wanawe wawili wamejenga hapo hapo na wanapika mbali. Kila mmoja ana mke na watoto wawili, yaani watu 4. Karani anauliza, "Mzee, kaya yako ina watu wangapi?" Mzee anajibu, "Kumi na watatu." Hakusema uongo hata kidogo! Karani akienda tena kwa wale vijana, ataandika 4 na 4. Mji wa watu 13 umekuwa wa watu 21. Ndiyo maana ni heri karani aulize, "Nani wanakula chungu kimoja na wewe?"

Kuna na maneno yanayofanana kwa bahati tu. Msukuma akisema ndimu, anataja mnyama wa porini. Ndimu yetu ya Kiswahili ni tunda chachu, na jina lake lilikuja na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Hapa maana haikuhama, maana hawa hawakuwa ndugu tangu mwanzo. Katika daftari weka alama ya msalaba. Kwa kaya weka alama nyingine, tuseme mshale, kuonyesha kwamba neno limesafiri.

Wala usimwulize mtu, "Neno hili maana yake nini?" Atakutafsiria haraka haraka. Mwambie alitumie katika sentensi mbili, kisha uandike zote.