Jaribio la uhariri: kurasa nne zinatosha, sura nzima ni kazi ya bure

Kama umewahi kuomba kazi ya kuhariri miswada, meseji hii unaijua: tumependa maombi yako, tafadhali hariri sura tuliyoambatisha kama jaribio, uirudishe kufikia Ijumaa. Unafungua faili, unakuta maneno 5,000. Unajifungia kwa nyumba, unakesha nayo, unatuma. Halafu kimya. Hata "asante" hakuna.

Mwaka jana mimi na beste yangu tuliomba kazi kwa mchapishaji mmoja mdogo wa hapa Nairobi. Jina lake tuliache. Mimi nilitumiwa Sura ya 7, yeye akatumiwa Sura ya 8, riwaya ni hiyo hiyo moja. Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Mtu anayetaka kujua nani kati yenu ni mhariri mzuri huwapa wote maandishi yale yale, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuwalinganisha. Akigawa sura moja moja kwa kila mwombaji, anachotafuta ni kitabu kilichohaririwa bila kulipa mtu. Nilimwandikia kwa heshima kwamba maneno 1,000 ya mwanzo wa hiyo sura nitayahariri bure kama jaribio, na yaliyobaki nitayahariri tukishaelewana bei. Hajajibu hadi leo.

Maneno 1,000 si namba niliyoiokota hewani. Wahariri wengi huhesabu ukurasa mmoja kuwa maneno 250, haijalishi herufi ni kubwa au ndogo. Kwa hivyo maneno 1,000 ni kurasa nne, na kwa kurasa nne mchapishaji anayeijua kazi yake ameshakuona wewe ni nani. Akitaka zaidi, alipe. Wako wanaolipa majaribio, na hao ndio wa kushikilia.

Sasa, kwenye hizo kurasa nne anatafuta nini? Watu hudhani ni kuhesabu makosa uliyonasa. Kiasi, ndiyo. Lakini jaribio lililotungwa vizuri lina mitego ya aina tatu, na mtego mkubwa hauhusu tahajia. Chukua kipande hiki nilichokitunga kwa mfano wa yale ninayoyaona kila wiki:

"Juma alikunja ile barua yenye aliandikiwa na babake. Aliidhamini kuliko kitu chochote. Mvua ilinyesha. Ilinyesha tena. 'Kesho nitaiwakilisha kwa chifu,' akasema."

Mtego wa kwanza ni makosa ya wazi. "Barua yenye aliandikiwa" ni Kiswahili chetu cha mtaani, na kwenye matatu hakuna anayekushtaki. Kwenye simulizi iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu inakuwa "barua aliyoandikiwa", kwa sababu "-enye" huonyesha kuwa na kitu, kama nyumba yenye madirisha. "Aliidhamini" nayo inakuwa "aliithamini". Kudhamini ni kumsimamia mtu au kumlipia gharama, kuthamini ni kuona kitu kina thamani. Maneno pacha kama haya, ridhi na rithi, azimia na adhimisha, ndiyo yanayotuangusha Wakenya wengi, na kompyuta haiyapigii mstari mwekundu kwa sababu yote mawili ni maneno halali. Hapo ndipo Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA inakaa wazi mezani, hata kama una uhakika.

Mtego wa pili ni kujua wakati wa kuacha. "Mvua ilinyesha. Ilinyesha tena." Mhariri mchanga anaona marudio, mikono inamwasha, anaandika "Mvua kubwa iliendelea kunyesha bila kukoma". Ameua sentensi ya watu. Haikuwa na kosa lolote, ilikuwa mtindo wa mwandishi. "Babake" vilevile, iache. Ukitaka "baba yake" ujue utalazimika kuibadilisha kila mahali hadi ukurasa wa mwisho, na mwandishi atakuuliza sababu.

Halafu kuna "nitaiwakilisha". Kwa kawaida unawasilisha barua na kuwakilisha watu. Lakini neno limo mdomoni mwa Juma. Kama Juma ni makanga wa Rongai, huenda hilo ni kosa lake yeye na mwandishi amelitaka liwepo. Kama Juma ni mwalimu wa Kiswahili, basi kalamu ya mwandishi imeteleza. Katika hali zote mbili hubadilishi kimyakimya, unaweka maoni pembeni: je, umekusudia Juma aongee hivi?

Mtego wa tatu ndio unaotenganisha wahariri na wasomaji wa haraka. Tuseme ukurasa mmoja kabla ya kipande hiki, mwandishi amesema babake Juma hakuingia darasani hata siku moja na hakujua kuandika jina lake. Sasa barua aliandika nani? Ni kweli huenda alimwambia mtu amwandikie. Kazi yako si kujibu, ni kuuliza. Nimewahi kuonyeshwa majaribio ambayo mtu alinasa kila koma, akaliruka swali kama hilo, na kazi ikaenda kwa mwingine.

Urudishe faili ikiwa na Track Changes ili kila ulichogusa kionekane, na karatasi moja ya maamuzi yako: umechagua "mswada" au "muswada", namba unaziandika kwa tarakimu kuanzia ngapi, babake au baba yake. Karatasi hiyo watu wengi hawaitumi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hakuna mwandishi aliyewahi kuniuliza cheti. Huuliza sampuli, na hiyo karatasi ndiyo huwafanya wanipigie.

(Kusoma prufu ni kazi tofauti, usikubali vichanganywe. Prufu huja kitabu kikishapangwa kurasa, na pale hutunzi sentensi upya. Unatafuta vitu kama namba za kurasa zilizoruka, mstari uliomezwa, na maneno yaliyokatwa vibaya mwishoni mwa mstari. Programu ikifuata sheria za Kiingereza itakukatia "kitan-da" wakati silabi zetu huishia kwa irabu, "kita-nda".)

Tuingie kwa chapaa, kwa sababu jaribio lina faida ya pili ambayo ni yako wewe: linakupimia bei.

Juzi mwandishi mmoja alinitafuta na riwaya ya maneno 38,000. Alikuwa na 10,000 mkononi. Sikusema ndiyo wala la. Nilimwomba vipande vitatu vya maneno 300 kila kimoja: cha mwanzo, cha katikati na cha karibu na mwisho. Usikubali kupewa mwanzo peke yake. Sura ya kwanza mwandishi ameisoma mara 20, ameipigisha pasi. Kule katikati ndiko alikoandika usiku akiwa amechoka.

Niliweka saa. Kipande cha mwanzo kilinichukua dakika 9, cha katikati 16, cha mwisho 20. Jumla ni dakika 45 kwa maneno 900, yaani dakika 50 kwa kila maneno 1,000. Kwa mswada mzima hiyo ni karibu saa 32. Ningepima kwa kipande cha mwanzo pekee ningepata saa 19, na zile 13 zilizobaki ningezifanya bila malipo.

Saa 32 ni mzunguko wa kwanza tu. Kuna kusoma tena baada ya mwandishi kujibu maswali, na huko huwa natumia dakika 15 kwa maneno 1,000, kwa hivyo saa 9 na nusu. Nikaongeza saa 4 na nusu za simu, maswali na kupanga faili. Jumla saa 46.

Na saa moja ni bei gani? Hapa kila mtu afanye hesabu ya maisha yake. Yangu ni hii: nyumba, chakula, intaneti, stima, laptopu itakayokufa siku moja, na kitu kidogo cha kutuma nyumbani vinanihitaji niingize 48,000 kwa mwezi. Macho yangu huhariri vizuri saa nne kwa siku. Ya tano naanza kupitisha makosa. Kwa siku 20 za kazi hizo ni saa 80. Gawanya, unapata shilingi 600 kwa saa. Anayegawanya kwa saa 160 anajidanganya, maana hatahariri saa nane kwa siku mwezi mzima na kuna siku za kutafuta wateja ambazo hakuna anayezilipia.

Saa 46 kwa 600 ni 27,600. Ukipenda kuisema kwa ukurasa, ni karibu shilingi 180. Kwa neno ni senti 73 hivi. Lakini bei ya kwa neno iangalie vizuri. Neno "sitawaandikia" ni moja kwa Kiswahili, na ukilieleza kwa Kiingereza utahitaji maneno sita. Ndani yake kuna viambishi, na kila kiambishi kinaweza kukosewa. Ukichukua bei ya neno la Kiingereza ukaiweka kwa mswada wa Kiswahili, umejipunja kabla hujaanza.

Kwa elfu kumi aliyokuwa nayo, saa yangu ingekuwa shilingi 217. Bei sikuipunguza, nilipunguza kazi. Nilimwandikia njia mbili. Ya kwanza, napita mara moja nikirekebisha tahajia, ngeli na alama za uandishi tu, bila kufuatilia kama babake Juma anajua kuandika, dakika 25 kwa maneno 1,000. Hiyo ni karibu saa 16, na bei yake 9,600. Ya pili, kazi kamili ya 27,600, inayolipwa kwa mafungu matatu ya 9,200, na kila fungu linalipwa kabla sijafungua sura zake. Nilimtumia pia vile vipande vitatu nilivyohariri, aone tofauti kwa macho yake.

Mteja akiwa kampuni, jua pia kwamba kwa ada za kitaalamu inaweza kukukata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Hilo si wizi, mradi upate cheti chake kwenye iTax. Kampuni inayokukata na haikupi cheti ndiyo ya kufuatiliwa. Mwandishi wangu alikuwa mtu binafsi, kwa hivyo hilo halikutuhusu.

Alikaa siku mbili. Siku ya tatu ikaingia M-Pesa ya 9,200, ikifuatwa na sura sita za kwanza na swali moja: kwani hapo katikati ni pabaya hivyo?