Mume Eldoret, mke Kakamega: pesa ya wiki inaliwa wapi?

Jumapili saa kumi jioni ukifika steji ya Kakamega utawaona. Mmoja ameshika begi, mwingine ameshika mtoto, na matatu ya Eldoret kupitia Chavakali na Kapsabet inangoja abiria wawili ijae. Wataonana tena Ijumaa usiku. Kati ya hapo nyumba inaendeshwa kwa simu.

Ndoa za namna hii si mpya kwetu Magharibi, na kwa walimu zilizidi baada ya 2018, Tume ya Huduma za Walimu ilipoanza kuwahamisha wengi wao mbali na kaunti zao za nyumbani. Leo hatuongelei upweke wala wivu. Tunaongelea kitu kidogo ambacho wateja wengi hawajawahi kukipigia hesabu: ada zinazokatwa kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Tuchukue mfano. Mke anafundisha Kakamega na anakaa na watoto wawili. Mume ni fundi wa magari Eldoret. Mchango wake wa matumizi ya nyumbani ni shilingi 2,500 kwa wiki, na anautuma kadiri anavyoombwa. Jumatatu anatuma 500, Jumatano 1,000, Alhamisi 300, Ijumaa asubuhi 700. Kila pesa ikiingia, mke anaenda kwa wakala kuitoa.

Tutatumia viwango vya M-PESA vilivyoanza Julai 2023. Viwango hubadilika, kwa hiyo vikagueni kabla hamjapanga yenu. Kutuma 500 ni shilingi 7, 1,000 ni 13, 300 ni 7, na 700 ni 13. Jumla 40. Kutoa ndiko kunakouma. Ukitoa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500, ada ni ile ile, shilingi 29. Mara nne ni 116. Kwa hiyo wiki moja imekula 156, na wiki nne zimekula 624. Hapo hakuna aliyekunywa hata soda.

Angalituma zote 2,500 mara moja, kutuma kungekuwa 33 na kutoa 29, jumla 62. Wengi wakisikia hivyo huruka moja kwa moja hadi kutuma pesa ya mwezi mzima. Hapo faida ni ndogo kuliko mnavyodhani: 10,000 kwa mpigo ni 90 kutuma na 115 kutoa, yaani 205, ilhali 2,500 mara nne ni 248. Tofauti ni shilingi 43 tu kwa mwezi, na anayebaki na elfu kumi mkononi anajua jinsi inavyoisha tarehe kumi na tano. Kutuma kwa wiki si kosa. Kinachomaliza pesa ni kudondosha kila siku.

Kuna mtego mwingine hapa, na huwanasa wenye moyo mzuri. Mume anasema, "Ngoja niongeze ya kutoa," anatuma 2,529. Hiyo 29 imemvusha mpaka wa 2,500, na ada ya kutuma imeruka kutoka 33 hadi 53. Amelipa shilingi 20 zaidi kwa ajili ya ukarimu. Afadhali angetuma 2,500 kamili, mke atoe 2,470, na ile 29 itoke humo humo.

Lakini nyinyi mna kitu ambacho aliye Dubai au Qatar hana. Mnaonana kila Jumamosi, na kumpa mtu pesa mkononi hakuna ada. Ajabu ni kwamba wengi hawaitumii nafasi hiyo. Tunaelewa kwa nini: usiku ni mbili tu, nani anataka kuzimaliza akibishania bei ya sukari? Kwa hiyo hesabu inaahirishwa hadi Jumatatu, na Jumatatu inakuja kama meseji: "Baba Watoto, gesi imeisha."

Hebu turudie wiki ile ile kwa mpango mwingine. Jumamosi wanaenda sokoni pamoja. Unga, mafuta, sukari na sabuni, jumla 1,400, mume analipa kwa nambari ya Lipa na M-PESA ya duka. Anayenunua hakatwi kitu. Kisha anatoa 1,000 kwa wakala kwa shilingi 29 na kumkabidhi mke kwa ajili ya maziwa, boda na mambo ya shule. Imebaki 100, anaituma Jumatano mboga zikiisha. Kutuma hadi shilingi 100 ni bure, na mke naye anaweza kuipeleka hivyo hivyo kwa simu ya mama mboga bila kuitoa. Ada ya wiki nzima ni 29 badala ya 156. Pesa ni zile zile 2,500.

Mpango huu una udhaifu wake. Noti za ndani ya nyumba huibwa, huazimwa na majirani, na huisha bila kujulikana zilikoenda. Tena haujibu swali la Jumatano usiku, mtoto akiwa na homa kali, mawakala wamefunga na simu ya Eldoret haipatikani. Kwa usiku kama huo, pesa ni lazima iwe imeshalala kwenye simu ya aliye na watoto. Tuseme 1,500. Kuituma mara moja ni shilingi 23, kisha haiguswi kwa mboga wala kwa sherehe. Boda wengi na kliniki nyingi hupokea malipo ya simu, kwa hiyo hata wakala hahitajiki. Ikitumika, inarudishwa wikendi inayofuata kabla ya kitu kingine.

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe, maana unaletwa na kitu ambacho mmoja anakiona na mwingine hakioni. Ni Fuliza. Tuseme Jumanne mke alipungukiwa akafuliza 400 ya gesi. Hakumwambia mume, labda kwa sababu hakutaka kuonekana anaomba kila siku. Alhamisi mume anatuma 700. Pesa ikiingia tu, deni linakatwa lenyewe, pamoja na ada yake, kabla mke hajaigusa. Inabaki chini ya 300. Jioni mume anapiga simu: "Mama Watoto, si nilikutumia mia saba? Mbona mtoto hajanunuliwa kitabu?" Yeye ana meseji inayothibitisha 700. Mke ana salio linalosema vingine. Wote wawili wanasema kweli, na wako mbali, hakuna anayeweza kumwonyesha mwenzake simu.

Dalili ni rahisi kuiona. Ukipokea pesa na salio lako halikupanda kwa kiasi kilichoingia, soma meseji zote, si ya kwanza peke yake. Kuna nyingine inayosema ni kiasi gani kimelipa Fuliza. Deni lililobaki unaliangalia kwenye menyu ya M-PESA, kwa programu au kwa kupiga *334#. Na kabla ya kuomba utumiwe, mwambie mwenzako kuna deni la kiasi fulani, ili ajue kati ya 700 yake ni ngapi itafika dukani. Ni sentensi fupi, ingawa tunajua si nyepesi kuisema kwa simu. Wengine huiweka hadi Jumamosi, watoto wakishalala, ndipo kila mmoja anamfungulia mwenzake meseji za wiki.