Je, Wajua? Kufika si Kupumzika

Mvuvi wa Chumbi akipiga kafi kwa nguvu zote kuukabili mkondo wa Rufiji, huendelea kuhema hata baada ya mtumbwi kufungwa. Mwili bado unatumia oksijeni ya ziada: misuli inarejesha akiba yake ya nguvu za ghafla, kazi ya dakika chache tu, na joto linashuka polepole.

Laktati iliyojaa kwenye damu nayo haitupwi. Moyo na misuli huichoma kama kuni, ini huigeuza kuwa sukari. Kwa kawaida huisha ndani ya saa moja hivi, na mapema zaidi akipiga kafi taratibu badala ya kuketi. Kwa hiyo maumivu ya kesho yake asiisingizie laktati.

Akiba ya wanga misulini ndiyo huchelewa: huchukua takriban saa 24, tena kwa kula wali au ugali wa kutosha.